Kumwandaa mkalimani kwa maelezo ya Ujiji: wapi pa kukata, maneno gani ya kufunga, wapi pa kunyamaza

Ninaongoza wageni pale Ujiji, kwenye kumbukumbu ya mahali walipokutana Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta. Wageni wa Kifaransa wakija, huwa namtafuta kijana wa hapa Kigoma aliyesomea Burundi, naye husimama kando yangu. Nami nanena kidogo, naye anafasiri, nanena tena. Lugha zote mbili anazijua vizuri. Hata hivyo mara ya kwanza tulipofanya kazi pamoja mambo yalituharibikia, na kosa kubwa lilikuwa langu: nilimkabidhi wageni bila kumkabidhi maelezo. Tangu hapo tunakaa pamoja jioni moja kabla. Hivi ndivyo tunavyofanya.

Hatua ya 1: Pima maelezo yako, kisha yapunguze

Jirekodi kwenye simu ukieleza kama kawaida. Mimi nilikuta dakika 12. Kwa mkalimani anayesubiri umalize ndipo aseme, hizo zinakuwa dakika 25 hivi, na juani wageni huanza kutazama kiatu. Nilipunguza hadi dakika 8 za kwangu. Kata mwenyewe, usimwachie mkalimani akate papo hapo, maana atakata asichokielewa, na pengine ndicho ulichokijengea maelezo yote.

Hatua ya 2: Katakata mnyororo wa "-ka-"

Hapa ndipo penye kazi. Kiswahili chetu cha kusimulia kinatembea kwa "-ka-", na "-ka-" haina kituo. Haya ndiyo niliyokuwa nikiyasema kwa pumzi moja:

"Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Tabora, akakuta vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vimefunga njia, akajiingiza vitani, akashindwa, akazungukia kusini, akafika hapa Ujiji Novemba, akamkuta Livingstone ambaye alikuwa amerudi siku chache tu kutoka Nyangwe, amedhoofu, na bidhaa zake zimeuzwa zote."

Msikilizaji wa Kiswahili anaufuata bila shida. Mkalimani, akifika "akazungukia", ameshasahau Machi. Tuliukata mara nne:

"Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871." *Kituo.* "Tabora alikuta njia imefungwa. Mirambo alikuwa akipigana na Waarabu wa Unyanyembe." *Kituo.* "Alijiunga na upande wa Waarabu, wakashindwa. Ikabidi azungukie kusini." *Kituo.* "Livingstone alikuwa amerudi hapa siku chache tu kabla yake, amedhoofu. Bidhaa alizozitegemea alikuta zimeuzwa zote." *Kituo.*

Kanuni yangu ni "-ka-" moja au mbili kwa kila kipande, na kila kipande kibebe tukio moja. Ila usikate pia kila baada ya maneno matano. Sarufi ya Kifaransa huhitaji kujua mtendaji na tendo kabla ya kuanza, na nusu sentensi humfanya mkalimani akisie. Utajua umekata vibaya akianza, akasita, kisha akarudi nyuma kujirekebisha. Akifasiri vizuri lakini akaacha jina au mwaka, kipande kilikuwa kirefu mno.

Hatua ya 3: Fungeni maneno yenye mtego

Andikeni maneno machache tu, yale yanayoteleza, mkubaliane kila moja litafasiriwaje. Kwetu ni haya.

*Kubebesha.* Nasema miembe iliyopo inasemekana ilibebeshwa kutoka mwembe wa zamani, ule ambao Livingstone na Stanley walikutana chini yake. Siku ile ya kwanza, wageni waliambiwa miti ilibebwa mgongoni. Mkulima wa hapa anajua kubebesha ni kuunga kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, lakini kijana wa mjini hana sababu ya kujua. Mweleze kwa mkono, mwonyeshe mti.

*Inasemekana.* Kineno hiki wakalimani hukimeza. Kikimezwa, nimewaambia wageni jambo kama nimelishuhudia. Vivyo hivyo "kwa hesabu ya Stanley": tarehe ya Novemba 10 ya kukutana kwao ni yake, na shajara ya Livingstone inatoa tarehe nyingine, kwa kuwa alikuwa amepoteza hesabu ya siku. Nimemwomba mkalimani hata akibanwa, aache kivumishi, asiache "inasemekana".

*Mwungwana.* Leo ni mtu mwenye adabu. Katika misafara ya wakati ule, waungwana walikuwa watu wa pwani waliojiona tofauti na washenzi wa bara, na baadhi yao walikuwa watumwa wa watu. Tafsiri ya "mtu mstaarabu" inapotosha. Tulikubaliana nilieleze neno mimi, naye alitamke kwa Kiswahili, kisha afasiri maelezo.

*Susi.* Nasema, "Susi alikimbia kumpasha habari Livingstone." Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika "alikimbia", na jina hilo masikioni mwa Mfaransa ni la kike. Wageni wakamwona mwanamke akikimbia ufukweni. Alikuwa mwanamume, mtumishi wa Livingstone, mmoja wa wawili, yeye na Chuma, ambao baadaye walikuwa kati ya waliobeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Sasa kwenye karatasi ya mkalimani kila jina lina alama ya mume au mke.

Miaka na saa namwandikia kwenye kadi ndogo ya mfukoni. Kifaransa cha Burundi kina neno moja la sabini, cha Ufaransa husema "sitini na kumi". Achague moja kabla, asichanganye katikati ya 1871. Saa zetu pia: nikisema tutaondoka saa tano asubuhi, aseme kumi na moja. Mara moja tumesubiri gari bure kwa ajili ya hilo.

Hatua ya 4: Wekeni vituo na ukimya

Kituo nakionyesha kwa kumtazama yeye, kisha nawarudia wageni. Simwinulii mkono, maana mkono wageni huufuata. Yeye anasimama kando yangu hatua moja nyuma, wote tukiwa kivulini au wote juani.

Ila kuna vituo viwili tofauti na vingine. Cha kwanza ni kile kisemo cha Stanley, "Dr. Livingstone, I presume?", ambacho kila mgeni anakingoja. Nikikisema mimi kwa Kiswahili, nusu ya kundi hucheka na nusu husubiri, na ladha inakwisha. Kwa hiyo mimi nasema tu, "Stanley aliandika kuwa alivua kofia, akasema…", nanyamaza. Mkalimani ndiye anayekitamka, kwa Kiingereza kama wageni wanavyokijua, asikifasiri.

Cha pili ni Nyangwe. Julai 1871 wafanyabiashara wa utumwa walipiga risasi watu waliokuwa sokoni kando ya mto Lualaba, na Livingstone aliona. Nikimaliza sentensi hiyo nahesabu moyoni hadi tano kabla ya kumtazama mkalimani. Naye akimaliza anahesabu tano tena. Tulifanya hivi kwa mazoezi mara tatu, kwa sababu mkalimani mzuri ana mazoea ya kujaza kila upenyo kwa maneno, na ukimya humtia wasiwasi kwamba amesahau kitu.

Hatua ya 5: Pitieni pale pale

Meza ya nyumbani haitoshi. Tembeeni mahali penyewe, mkisimama kila mtakaposimama na wageni, mkisikia pikipiki na watoto wa shule. Mwambie akatize wazi anapokosa neno: "Bwana, rudia." Ni afadhali kuliko kubuni. Na maswali ya wageni ayafasiri yote kwangu, hata lile ambalo jibu analijua. Mgeni mmoja aliuliza kama mwembe huu ndio ule ule. Mkalimani akamjibu mwenyewe "ndiyo". Nilijua dakika kumi baadaye, mgeni alipokuwa ameshajipiga picha akiukumbatia.