Umiliki binafsi, ubia au kampuni: uamuzi unaobeba sehemu ya kisheria ya mchanganuo wa biashara

Afisa mikopo anapofika kwenye sehemu ya kisheria ya mchanganuo, huwa anatafuta majibu ya maswali matatu: nani atadaiwa mkopo usipolipwa, nani ana mamlaka ya kusaini, na biashara itakuwa mikononi mwa nani ikiwa mmoja wa wenyewe atajitoa au atafariki. Waombaji wengi hujaza hapo orodha ya vyeti, yaani namba ya mlipakodi, leseni na cheti cha BRELA, kisha wakahamia kwenye soko. Vyeti hivyo vinahitajika, lakini mahali pake ni kwenye viambatisho. Majibu ya maswali yale hutokana na umbo la kisheria mlilolichagua, na ndiyo maana uamuzi huo lazima utangulie uandishi.

Somo hili linatumia mfano mmoja wa kubuni na sheria za Tanzania Bara. Dada mmoja wa Singida ana kiwanja chenye hati kwa jina lake na akiba ya shilingi milioni 12, na mdogo wake wa kiume ana shilingi milioni 18 za kununua mashine ya kukamua alizeti na chujio. Wanataka kukopa milioni 30 za kununulia mbegu wakati wa mavuno, kwa kuwa anayechelewa kununua hujikuta akigombea mzigo mdogo kwa bei ya juu. Wanakadiria mauzo ya milioni 85 mwaka wa kwanza na milioni 140 mwaka wa pili.

Hatua ya kwanza: tenganisha jina la biashara na umbo la biashara

Cheti cha jina la biashara hakimaanishi kwamba una kampuni. Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara inamruhusu mtu mmoja au wabia kufanya biashara kwa jina lisilo lao wenyewe, lakini usajili huo hauzai mtu mpya mbele ya sheria. Aliyesajili peke yake ndiye biashara, na biashara ndiyo yeye. Mchanganuo unaosema "kampuni yetu" huku kiambatisho kikiwa ni cheti cha jina la biashara humwonyesha msomaji kwamba mwandishi hajui anachomiliki, na shaka hiyo huanza kugusa hata hesabu zake.

Ubia nao husajiliwa BRELA kwa njia hiyohiyo ya jina la biashara, wamiliki wakitajwa wote. Masharti yake ya msingi, hata hivyo, yamo katika Sheria ya Mikataba, na sheria hiyo ina majibu yake tayari pale ambapo wabia hawakuandika yao. Kwa mfano, mkataba usipotaja mgawanyo, wabia hugawana faida na hasara sawasawa, bila kujali nani alileta kiwanja na nani alileta fedha. Kampuni ya hisa yenye ukomo wa dhima huundwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Inapopata hati ya usajili huwa na uwezo wa kumiliki mali, kukopa, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake yenyewe.

Hatua ya pili: fuata deni mpaka linapoishia

Chukua deni moja mahususi. Tuseme mdogo mtu, akiwa kijijini, amechukua mbegu za milioni 9 kwa mali kauli, na mafuta yaliyokamuliwa yakakosa soko. Kama biashara ni ya dada peke yake na mdogo wake ni mtumishi aliyetumwa kununua, deni ni la dada, na linaweza kufika hadi kwenye mali zake zisizohusiana kabisa na alizeti. Kama ni ubia, kila mbia anapofanya shughuli ya kawaida ya ubia huwafunga wenzake, kwa hiyo dada anadaiwa kwa mapatano ambayo hakuyasikia, na mwenye mbegu atamwelekea yule aliye na mali ya kushikika. Kama ni kampuni, mdaiwa ni kampuni, na mwanahisa hapotezi zaidi ya thamani ya hisa alizochukua, ikiwemo sehemu ambayo bado hajailipia.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Wapo wanaoandika mtaji wa hisa wa milioni 100 kwenye katiba ya kampuni ili waonekane wakubwa, wakachukua hisa zote, na wasilipe kitu. Ada ya usajili huongezeka kadiri mtaji wa hisa unavyopanda, na kampuni ikifilisika, kiasi kisicholipwa kwenye hisa hizo ni deni lao. Juu ya hayo, msomaji ataona milioni 100 kwenye katiba na milioni 30 tu za wenye hisa kwenye jedwali la vyanzo vya fedha, na atauliza zilizobaki ziko wapi.

Ukomo wa dhima hauzuii kila kitu. Benki inayoikopesha kampuni changa kwa kawaida hutaka wakurugenzi wasaini dhamana binafsi, na akisaini, mkurugenzi amejifunga mwenyewe kwa benki hiyo. Kinga inabaki dhidi ya wauza mbegu, wasafirishaji na wateja. Mchanganuo usiseme "mali za wanahisa ziko salama" wakati ukurasa wa dhamana unataja kiwanja cha mwanahisa.

Hatua ya tatu: pitisha faida kwenye kodi

Hapa nitakuwa mfupi. Mtu binafsi mkazi ambaye kipato chake chote ni cha biashara, na mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 100, anaweza kutozwa kodi ya makadirio inayotokana na mauzo. Kampuni haina nafasi hiyo hata ikiwa ndogo: huandaa hesabu na kulipa asilimia 30 ya faida. Faida ya milioni 10 ikitozwa milioni 3, na milioni 7 zilizobaki zikagawiwa zote kama gawio, kampuni huzuia asilimia 10 ya gawio hilo, na wanahisa hupokea milioni 6.3. Ubia wenyewe haulipi kodi ya mapato. Mgawo wa kila mbia hutozwa mikononi mwake. Kampuni ina pia gharama ya mkaguzi wa hesabu na wajibu wa kuwasilisha BRELA taarifa ya kila mwaka, ambayo ikichelewa tozo huongezeka mwezi hadi mwezi. Gharama hizi ziingie kwenye makadirio ya matumizi. Mchanganuo wa kampuni usio na mstari wa mkaguzi una kasoro.

Kwa ndugu hawa wawili ningechagua kampuni, ingawa mwaka wa kwanza itawagharimu zaidi. Sababu yangu kubwa ni kiwanja. Dada anataka kibaki chake, na manunuzi ya mali kauli hayakwepeki katika biashara ya mbegu. Kama wangekuwa wananunua kwa fedha taslimu tu na hawakopi, ningewaambia waanze na ubia wenye mkataba mzuri.

Hatua ya nne: andika

Sehemu ya kisheria ya mchanganuo wao inaweza kusomeka hivi:

"Biashara itaendeshwa na kampuni binafsi ya hisa yenye ukomo wa dhima. Kampuni ina wanahisa wawili, ambao pia ni wakurugenzi na wamiliki manufaa, yaani wanufaika halisi wa kampuni: dada anamiliki asilimia 40 na mdogo wake asilimia 60 ya hisa, zote zikiwa zimelipiwa kwa fedha taslimu. Mtaji wa hisa uliolipwa ni shilingi milioni 30: milioni 18 za mashine na chujio, na milioni 12 za ukarabati wa jengo na matumizi ya mwanzo. Kiwanja si mali ya kampuni. Kampuni inakipanga kwa mkataba wa miaka mitano, na kodi ya pango imo kwenye makadirio. Ununuzi wa mbegu kwa mkopo unaozidi shilingi milioni 2 unahitaji saini za wakurugenzi wote wawili. Tamko la bodi la kuidhinisha mkopo huu limeambatishwa. Mwenye kiwanja amekubali kukiweka rehani kama mdhamini."

Maswali mawili kati ya yale matatu ya afisa mikopo yamejibiwa, bado lile la kifo au kujitoa. Ongezeni sentensi moja inayotaja kifungu cha katiba kuhusu uhamishaji wa hisa. Kama wangechagua ubia, aya hiyo ingepaswa kutaja mkataba wa ubia, uwiano wa faida na hasara, ukomo wa mbia kukopa bila mwenzake na nini kitafuata mbia akifariki, kwa kuwa bila mapatano ya namna hiyo kifo cha mbia huvunja ubia. Angekuwa dada peke yake, sehemu ingekuwa fupi, ila lazima aseme nani atasimamia akiugua.

Leseni, namba ya mlipakodi na idhini ya TBS kwa mafuta ya kula vifuate baada ya hapo, vyote kwa jina lilelile la mwendeshaji. Jina lisipolingana hata kwenye hati moja, maombi hurudi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina jina la biashara tangu zamani na wateja wananijua kwa jina hilo. Je, naweza kuligeuza liwe kampuni?*

Ndugu, huligeuzi, unaunda kampuni mpya, ambayo unaweza kuiombea jina linalofanana kwa kuwa mwenye jina ni wewe. Kampuni itahitaji namba yake ya mlipakodi, leseni yake na akaunti yake ya benki. Mali utaihamisha kwa hati, na mikataba itahitaji ridhaa ya upande wa pili. Madeni ya zamani yanabaki kwako mpaka wadai wakubali kuidai kampuni. Kwenye mchanganuo, mauzo ya miaka iliyopita yaonyeshwe kuwa ya mtangulizi, wala yasiandikwe kama historia ya kampuni yenyewe.

*Mimi na mume wangu tunauza vifaa vya ujenzi pamoja, lakini cheti kina jina lake tu. Nikiandika mchanganuo, mimi ni nani humo?*

Dada, kwa hati ulizo nazo, biashara ni ya mumeo, na benki itakuona hivyo hata kama duka unaliendesha wewe. Sajilini ubia au kampuni kabla ya kuomba mkopo ikiwa mnataka umiliki wako uonekane. Lipo jambo moja lisilobadilika kwa umbo lolote: nyumba ya familia ikiwekwa rehani, sheria inataka ridhaa ya mwenzi. Ridhaa hiyo iambatishwe, na uisome kabla ya kuisaini, kwa sababu hata usipokuwa mmiliki wa biashara, nyumba unayoishi inaweza kuuzwa kwa deni lake.

*Mbia wangu hataki mkataba wa maandishi, anasema sisi ni ndugu. Je, niandike tu kwamba tumekubaliana asilimia 70 kwa 30?*

Usiandike. Mkibishana, itakubidi uthibitishe makubaliano hayo, na ukishindwa, mtarudishwa kwenye mgawanyo wa nusu kwa nusu. Mwombe mkae na wakili mara moja. Akikataa bado, omba mkopo kwa biashara unayoimiliki mwenyewe, na yeye umtaje kama mkopeshaji au mtumishi, kulingana na ukweli wa mchango wake.