Kushusha mapambo ya harusi usiku bila kuharibu vitambaa

Watu wengi hufikiri kazi ya mapambo ni kupamba, lakini hasara huingia usiku ule wa kushusha, wakati kila mtu amechoka na mwenye uwanja anazungukazunguka na funguo. Nitawaonyesha vile tulifanya Jumamosi moja huku Karen, wageni 200, meza 20, hema lina vipande 16 vya shifoni vya mita sita sita, mvua imenyesha saa kumi na tukaambiwa saa mbili usiku tuwe tumetoka. Tulikuwa watano.

Kitu cha kwanza kabisa, zima mishumaa. Usiiguse, zima tu halafu uiache hapo. Ukiinua mshumaa nta ikiwa bado maji unaimwaga kwa kitambaa cha meza na hiyo ni kazi ya siku nyingine nzima, lakini ukiuacha nusu saa hivi utaubeba kama jiwe.

Pili, ukiwa bado na stima pitia taa zako ndogondogo zikiwaka. Hii wengi huruka, wanazing'oa zote halafu wanakuja kuzijaribu harusi ingine ikiwa imefika. Kama waya mzima umekufa, anza kwa plagi au kale kaboksi ka kubadilisha mwako, mara nyingi shida iko hapo na fundi anamaliza haraka. Kama ni kipande tu cha katikati kimezima, kuna balbu imekufa au waya umekatika ndani ya kile kipande, kwa hivyo zungushia masking tepu hapo hapo ndio fundi asitafute. Waya ukiwa umechunika ukaonyesha shaba na unatumia stima ya nyumba, huo tupa, usiufunge na tepu ukadhani umetengeneza. Zile nzima zizungushe kwa kipande cha katoni, usizikunje kwa mkono kama kamba.

Tatu ni meza. Vyombo vya maua hutoka mapema kwa sababu wageni huwa wanaondoka navyo (shangazi wa bibi harusi hasa, ukimuuliza anakwambia aliambiwa achukue), kwa hivyo hesabu kabla ya kupakia. Maua yenyewe kama wenyewe hawayataki yaende mbolea, lakini ile sponji ya kijani ichomoe kwanza, haiozi, inavunjika tu inakuwa unga. Na usiiweke ya kurudia, ikishakauka hainywi maji tena vizuri na maua yatakunyaukia katikati ya sherehe.

Sasa vitambaa vya juu. Mmoja kwa ngazi, wawili chini wamekinga mikono. Wa juu anakata kebo tai, hakati kitambaa na havuti, na wale wa chini hawavuti pia, maana shifoni ikivutwa inapasukia kwa mshono. Kabla ya kukunja toa pini zote. Pini ya chuma ikilala ndani ya kitambaa chenye maji inaacha kutu, na kutu kwa kitambaa cheupe mimi sijawahi kuimaliza yote.

Hapo ndio kuchambua huanza, na si kwa mirundo mingi. Magunia matatu tu: kavu safi, yenye maji, na ya kuangalia kesho. Cha kuangalia kinapigwa fundo palipo na doa au palipotoboka, kwa sababu kesho mchana hutakumbuka ilikuwa wapi na mita sita ni nyingi kupekua. Kijana wangu mmoja aliniuliza, “Mama, hiki kimelowa na kina doa pia, kiende wapi?” Kiende kwa maji, na fundo juu yake. Maji ndiyo hayangoji, ukilaza vitambaa vimelowa kwa gunia mpaka Jumatatu utakuta ukungu.

Tulitoka saa mbili na robo, mwenye uwanja amenuna. Hesabu ilikuwa tisa safi, vinne maji tu, viwili doa, kimoja kimepasuka. Jumapili asubuhi nilianika vile vinne kivulini. Doa moja lilikuwa mchuzi, likatoka na maji baridi na sabuni ya vyombo. Lingine nta, nikaibandua na ukucha halafu nikapiga pasi yenye joto dogo juu ya karatasi ya kaki, usitumie gazeti kwa sababu wino unahamia, na pasi ikiwa moto sana shifoni inayeyuka.

Kile kilichopasuka sikukishona. Mpasuko ulikuwa katikati kabisa, na shifoni ikiwekewa taa nyuma kila kiraka kinaonekana. Ungekuwa karibu na ukingo ningekata na kupinda. Nilikigawa, nikapata vitambaa viwili vya kupita katikati ya meza, na kile kipande kibovu sasa tunafungia ngazi ndio isikwaruze gari.