Maandishi marefu yanakatika kwenye Eksel? Anza na upana, malizia na kimo

Wiki iliyopita nilikuwa na katibu wa kikoba chetu akichapa maazimio ya kikao. Azimio la nne lilisomeka "Mkopo ulipwe kwa awamu tatu," basi. Maneno "isipokuwa mkopaji akiwa mgonjwa" yalikuwemo kwenye seli, ila karatasi haikuyaonyesha.

1. Panga upana wa safu kwanza. Bofya kulia herufi ya safu, chagua Column Width, andika 45. Usibofye mara mbili ukingo wa safu kabla ya hapo, maana safu itajinyoosha kufuata sentensi yote na kutoka nje ya karatasi. Njia hiyo naiachia majina na tarakimu. Ukiona ##### kwenye kiasi cha fedha au tarehe, mara nyingi safu ni nyembamba tu.

2. Kunja maandishi. Teua safu, bonyeza Alt, H, W.

3. Rekebisha kimo cha mistari. Teua mistari, kisha Alt, H, O, A. Usiiruke hatua hii: mstari uliowahi kuvutwa kwa mkono hubaki na kimo kilekile hata ukikunja maandishi. Mimi sivuti kwa mkono kamwe.

4. Mstari ukigoma, tafuta seli zilizounganishwa. Hapa ndipo tulipopoteza jioni nzima. Katibu alikuwa ameunganisha C, D na E kwa Merge, na Eksel haipimi kimo kwa kufuata seli zilizounganishwa. Unabonyeza, unabonyeza, mstari umetulia tu.

Dawa ninayoipenda ni kuzitenganisha na kuipanua C peke yake. Kama uliunganisha ili kichwa cha habari kikae katikati, zitenganishe, ziteue zote, bonyeza Ctrl+1, nenda Alignment, na kwenye Horizontal chagua Center Across Selection. Kichwa kitakaa katikati bila kuunganisha chochote.

Fomu yetu ilitakiwa ibaki ilivyo, kwa hiyo tulitumia safu ya msaada. C, D na E zilikuwa na upana wa 20 kila moja, tukaipa H upana wa 60. Kwenye H7 tukaandika:

```
=C7
```

Tukaipa H7 fonti ileile na ukubwa uleule, tukaikunja, tukarudia Alt, H, O, A. Mstari wa 7 ukapanda, na seli iliyounganishwa ikapanda nao. Safu H iache nje ya eneo la kuchapa. Ukibadilisha maneno ya C7, rudia hatua ya 3, kwani jibu la fomula likibadilika mstari haujipimi wenyewe.

5. Tazama kabla ya kuchapa. Karatasi hukunja maneno tofauti kidogo na skrini. Nikiona mstari wa mwisho wa maneno ndani ya seli umebanwa, nafungua Row Height na kuongeza pointi 5. Kimo hakivuki pointi 409, hivyo azimio refu kuliko hapo ligawe kwenye mistari miwili ya jedwali.