Ploti ya Ruai kabla haijapanda mtandaoni: kuhakiki, kupiga picha, kutangaza

Ajenti wa kamisheni hana mshahara. Analipwa mauzo yakikamilika, na kabla ya hapo nauli, bando na muda vyote vinatoka mfukoni mwake. Ukitangaza ploti isiyoweza kuuzika, wa kwanza kula hasara ni wewe, hata kabla ya mnunuzi. Hapa naeleza ninavyoishughulikia ploti tangu mwenyewe anaponipigia simu hadi tangazo linapopanda. Mfano ni ploti ya hamsini kwa mia kule Ruai, Nairobi, upande wa Barabara ya Kangundo. Nyumba nitazigusa pale tu zinapotofautiana na ploti.

Kwanza sheria. Sura ya 533 ya Sheria za Kenya inataka anayeuza au kupangisha mali ya watu kwa malipo awe amesajiliwa na bodi ya mawakala wa nyumba na ardhi. Kama bado hujasajiliwa, fanya kazi chini ya aliyesajiliwa, na jina lake lionekane kwenye tangazo.

Hatua ya 1: Simu ya kwanza

Mwenye ploti akipiga, usikimbilie kuuliza bei. Uliza hati iko kwa jina la nani, iko wapi sasa hivi, na nani mwingine amepewa ploti hiyo auze. Swali la pili watu hulidharau, ilhali ndilo linalofichua mengi. Akijibu kwamba hati iko benki, kuna mkopo. Ploti yenye mkopo inauzika, lakini benki italazimika kulipwa na kuiachilia kwanza, na mnunuzi wa pesa taslimu mwenye haraka hatasubiri. La tatu linakuokoa na aibu ya ploti moja kuonekana mtandaoni kwa bei tatu tofauti. Mteja akiona hivyo, hampigii simu hata mmoja wenu.

Sikiliza pia neno analolitumia. Eastlands kuna watu wengi waliopata ploti kupitia kampuni na vyama vya kununua ardhi, na mkononi wana cheti cha hisa au barua ya kugawiwa. Mwenyewe ataiita hati bila nia mbaya. Cheti cha hisa kinaonyesha kwamba ana haki ndani ya kampuni, si kwamba jina lake limo kwenye sajili ya ardhi. Mimi siitangazi ploti ya namna hiyo kuwa ina hati, hata mwenyewe akisisitiza kwamba “inatoka wiki ijayo.”

Katika mfano wetu, aliyepiga ni kijana mwenye upole. Alisema hati ipo, ni safi, bei ni milioni mbili, na angetaka tangazo lipande jioni hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Sachi rasmi

Picha ya hati iliyotumwa kwa WhatsApp si uthibitisho wa kitu. Karatasi inaweza kuwa halisi na bado isilingane na kilicho kwenye sajili leo. Sachi ni kuangalia kwenye sajili ya ardhi ploti ni ya nani na ina vizuizi gani. Kwa ardhi ya Nairobi, hufanywa kwenye Ardhisasa, mfumo wa Wizara ya Ardhi uliozinduliwa Aprili 2021 ukaanzia Nairobi. Namwomba mwenye ploti aingie kwenye akaunti yake tukiwa tumeketi pamoja, anionyeshe ploti ikiwa chini ya jina lake, kisha aombe sachi. Asiyejua mambo ya mtandao nampeleka kwa wakili. Mtu asiyekubali njia yoyote kati ya hizo mbili, biashara yetu inaishia hapo.

Matokeo yana sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza ardhi: namba ya ploti na ukubwa wake. Linganisha namba na ile ya hati tarakimu kwa tarakimu, kwa kuwa tarakimu moja ikibadilika umehamia ploti ya jirani. Ya pili inaeleza mmiliki, na jina linapaswa kulingana na kitambulisho cha anayeuza. Ya tatu ni ya vizuizi: rehani ya benki, zuio lililowekwa na mtu anayedai haki, au amri ya korti. Ikiwa tupu, endelea. Ikiwa na kitu, soma ni nani aliyekiweka na umuulize mwenyewe akiwa mbele yako.

Sachi ya ploti yetu ilileta jina la mwanamume ambaye si kijana yule. “Ni mzee wangu,” akasema. Nikamwomba tuongee na mzee. Kimya kidogo, kisha: “Mzee alilala.”

Hapo kazi ya mtandaoni inasimama, na ajenti ajue ni kwa nini. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ardhi ya marehemu haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi, na anayeiuza bila idhini hiyo anaingilia mali ya marehemu, jambo ambalo ni kosa. Barua ya chifu haitoshi. Kikao cha familia nacho hakitoshi, hata wote wakipiga saini. Kijana alikuwa na mama na dada wawili, na hakuna aliyekuwa ameambiwa habari ya kuuza. Sikutangaza. Nilimweleza familia ianzie wapi, na ploti ikarudi kwangu baadaye sana, mirathi ikiwa imethibitishwa na hati imehamia kwa jina la mama.

Mwuzaji akiwa na mume au mke, muulize mapema kama mwenzake anajua. Ridhaa ya mwenzi itatakiwa kwa mali ya ndoa, na mwenzi aliyefichwa huibuka siku ya wakili, wakati wewe umeshaihesabu kamisheni.

Hatua ya 3: Nenda ukanyage

Nenda na mwenyewe, lakini fika mapema kidogo ili uongee na jirani au mwenye kioski. Usiulize, “Hii si ya Mama Fulani?” kwa kuwa atakubali tu. Uliza, “Shikamoo mama, hii ploti ni ya nani?” kisha unyamaze. Akitaja jina jingine, umepata kitu cha kufuatilia.

Kisha tafuta bikoni, vile vigingi vya pembeni. Zisipoonekana zote nne, mwenyewe alipe mpimaji ardhi mwenye leseni azirudishe akitumia ramani ya sajili. Hilo lifanyike kabla ya tangazo, kwa kuwa Ruai ploti zinafanana na mtu anaweza kukuonyesha isiyo yake kwa kuhesabu vibaya tu kutoka barabarani. Kupima kwako kwa tepu hakuchukui nafasi ya mpimaji, ila kunakupa maelezo ya kweli ya kuandika.

Hamsini kwa mia ni futi, yaani mita 15.24 kwa 30.48, karibu hekta 0.0465. Wengi huiita “eitha,” lakini thumuni ya ekari ni hekta 0.0506. Ploti yetu ilipopimwa ilitoa mita 15.2 kwa 29.5, na hati ilisema hekta 0.045. Vipimo na hati vinakubaliana, ila futi mia kwenda ndani hazitimii. Nikaandika hivyo hivyo kwenye tangazo. Mnunuzi akigundua mwenyewe siku ya kupima, atadai bei ishuke, na ukimwambia mapema ataipangia nyumba yake ramani inayotosha.

Ukiwa hapo tazama juu na chini. Nyaya kubwa za stima zikipita juu, kuna ukanda usiojengwa. Udongo wa Ruai mara nyingi ni ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua, na fundi atalazimika kuuchimba ndio apate msingi. Mnunuzi ana haki ya kuliona hilo kwenye picha.

Hatua ya 4: Picha

Piga mwenyewe. Picha za kutumiwa hujui ni za lini wala za wapi, na WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida hufuta taarifa za mahali na tarehe. Ukilazimika kupokea za mtu, zipitishe kwenye Google Lens uone kama hazijatoka tangazo jingine.

Kwa ploti, anzia barabara ya lami na upige kila kona hadi langoni, ili mtu aweze kuifuata njia kwa macho. Kisha piga kutoka kila pembe ukitazama ndani, bikoni kwa karibu, barabara ya mbele, nguzo ya stima iliyo karibu zaidi, na udongo. Jua likiwa nyuma yako, asubuhi au alasiri, kwa sababu adhuhuri kila kitu huonekana cheupe. Malizia na video moja isiyokatwa, ukitembea mpaka mzima na kutaja unachokiona.

Nyumba ina ujanja wake. Shika simu usawa wa kifua, iwe imelala, na usitumie lenzi ya 0.5: chumba kitaonekana ukumbi, na mteja atakasirika akiwa mlangoni. Washa taa zote, fungua mapazia, funga kifuniko cha choo. Fungua mfereji ukiwa unarekodi, piga tangi na mita ya tokeni, lakini ziba namba ya mita. Kama ni ya kupanga, hakikisha iko wazi kweli na keateka ameruhusiwa na landilodi, kwa maana yupo anayeonyesha nyumba yenye watu kisha anakula ada za kuonyeshwa.

Usipandishe picha ya hati kamwe. Ina jina na namba vya kutosha mlaghai kutengeneza nakala. Wala sura za watoto wa majirani na namba za magari.

Hatua ya 5: Barua, tangazo na wateja

Kabla ya kutangaza, mwenyewe atie saini barua fupi: namba ya ploti, bei, asilimia yako, nani analipa, lini analipa, na kwamba mteja uliyemleta ni wako hata akirudi peke yake ndani ya kipindi mlichokubaliana. Kwa milioni mbili, asilimia tatu ni shilingi 60,000, pesa za kutosha kumfanya mtu akuruke. Ndiyo maana kila nikienda na mteja, kabla hatujaondoka namwandikia mwenye ploti ujumbe: “Mama, leo saa nne nakuja na mteja, jina lake ni hili.” Akijibu “sawa,” nina rekodi.

Tangazo liwe fupi: mtaa, vipimo vilivyopimwa, aina ya hati, tarehe ya sachi, umbali kutoka lami, bei. Usiweke eneo kamili kwenye ramani, litume kwa anayekuja kuona.

Mteja akipenda, pesa zisipitie kwenye simu yako hata kidogo. Wakili wake afanye sachi yake mwenyewe, mkataba uandikwe, na arbuni, ambayo kwa kawaida ni asilimia kumi, iingie akaunti ya mawakili. Arbuni ikiingia, badilisha tangazo liseme “imeshikwa,” na lisiondolewe kabisa hadi uhamisho usajiliwe, kwa maana mkataba ukivunjika utahitaji zile picha zilizopo. Sachi pekee ndiyo utairudia upya.