Kabla ya Kumwandikia Mbia Barua Pepe ya Kubadili Majukumu na Mgawanyo wa Faida

Tuchukue mfano wa karakana ya samani iliyopo Magomeni, Bagamoyo, yenye wabia wawili. Mmoja ni fundi seremala, na mwenzake ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya mtaji na ndiye aliyekuwa akizungukia hoteli za ufukweni kutafuta oda. Mkataba wao wa kurasa mbili unasema kwamba faida itagawanywa nusu kwa nusu. Sasa mwenzake amehamia Dodoma kikazi, na fundi ndiye anayenunua mbao, anayesimamia vijana wa karakana, anayepokea wateja na anayefuatilia madeni. Ameona kwamba nusu kwa nusu haiendani tena na hali halisi, na kwa kuwa hawaonani tena kila siku, ameamua kumwandikia barua pepe. Yapo mambo anayopaswa kuyamaliza kabla hajaandika hata salamu.

La kwanza ni kuusoma mkataba wenyewe, tena wote, kwa sababu mara nyingi kipengele kinachotawala mabadiliko kimewekwa mwishoni ambako hakuna aliyekitazama tangu siku ya kusaini. Ikiwa kinasema kwamba mabadiliko yatafanyika kwa maandishi yaliyosainiwa na wabia wote, basi barua pepe ni hatua ya kufungua mazungumzo tu. Mahali ambapo mkataba umenyamaza, sheria ndiyo inayojaza pengo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ambayo ndiyo pia inayohusu ubia, inachukulia kwamba wabia wanagawana faida sawa kwa sawa, kwamba kila mmoja ana haki ya kushiriki katika uendeshaji, na kwamba hakuna mbia anayestahili ujira kwa kufanya kazi za ubia, isipokuwa wawe wamekubaliana vinginevyo. Hili la mwisho huwashangaza wengi. Fundi wetu anaweza kushinda karakanani kuanzia alfajiri hadi magharibi, mwenzake asikanyage Bagamoyo mwaka mzima, na bado asiwe na haki ya kudai senti moja ya ziada kwa jasho lake. Kwa hiyo hawezi kuandika kwa lugha ya madai. Anachopeleka ni ombi la makubaliano mapya, na lugha ya barua lazima ilingane na hilo. (Kama biashara imesajiliwa BRELA kuwa kampuni, habari ni nyingine, kwa kuwa huko gawio hufuata hisa.)

Jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote, ni kutenganisha malipo ya kazi na malipo ya umiliki. Mtu aliyechoka hukimbilia asilimia: “nataka sabini kwa thelathini.” Asilimia hiyo haina maelezo. Mwenzake akiuliza kwa nini isiwe sitini au hamsini na tano, hakuna jibu zaidi ya kwamba fundi anajiona amefanya kazi nyingi. Njia inayoeleweka zaidi ni kukubaliana kwamba anayesimamia atalipwa ujira kwanza kwa usimamizi wake, kisha kinachobaki kigawanywe nusu kwa nusu kama zamani. Kiwango cha ujira kinaweza kupimwa kwa swali ambalo hata aliye Dodoma anaweza kulijibu: tungemwajiri msimamizi kutoka nje kwa kazi hii hii, tungemlipa kiasi gani?

Tuseme karakana ilipata faida ya shilingi 28,800,000 kwa mwaka, baada ya mbao, mishahara ya vijana, umeme, kodi ya pango na gharama nyingine. Kwa mgawanyo wa sasa kila mmoja amepata shilingi 14,400,000. Kwa sabini kwa thelathini, fundi angepata 20,160,000 na mwenzake 8,640,000. Kwa njia ya ujira, tukikadiria shilingi 700,000 kwa mwezi, yaani 8,400,000 kwa mwaka, hubaki 20,400,000, ambazo kila mmoja huchukua nusu yake. Fundi anaondoka na 18,600,000 na mwenzake na 10,200,000. Fundi amepata pungufu kidogo kuliko alivyotamani, lakini sasa kila shilingi ina sababu yake, na mwenzake hajaambiwa kwamba mtaji wake umepungua thamani. Zaidi ya hapo, siku mbia huyo akirudi Bagamoyo na kushika tena kazi ya masoko, hawatalazimika kuanza upya. Watatazama tu nani anafanya kazi gani na anastahili ujira gani.

Hesabu hiyo haijakamilika, kwa sababu imefanywa kwa mwaka mzuri. Mbia makini ataipima kwa mwaka mbaya, na ni heri fundi awe ameipima kabla yake. Faida ikishuka hadi shilingi 12,000,000, ujira uleule wa 8,400,000 unaacha 3,600,000 tu, na mwenye mtaji anaambulia 1,800,000 huku fundi akipata 10,200,000. Faida ikishuka hadi 6,000,000, ujira unazidi faida yote, unazaa hasara ya 2,400,000, na mwenye mtaji anadaiwa nusu ya hasara hiyo ili kumlipa fundi. Pendekezo likienda hivyo litakataliwa, na kwa haki. Dawa yake ni kuweka ukomo: ujira utalipwa kutokana na faida pekee, na hautazidi nusu ya faida ya mwaka. Chini ya ukomo huo, kwenye mwaka wa 12,000,000 fundi atachukua ujira wa 6,000,000 na nusu ya zilizobaki, jumla 9,000,000, na mwenzake 3,000,000. Kwenye mwaka wa 6,000,000 watapata 4,500,000 na 1,500,000. Kwa kuwa faida halisi haijulikani hadi mwaka ufungwe, kinachochukuliwa kila mwezi kiandikwe kuwa ni malipo ya awali yatakayorekebishwa mwishoni. Hesabu za mwaka mzuri na za mwaka mbaya zote ziambatanishwe, kwa sababu anayeonyesha upande unaomwumiza mwenzake huaminiwa kwenye upande mwingine.

Kuhusu majukumu, haitoshi kuandika kwamba “nitasimamia shughuli zote.” Aliye mbali bado ni mbia, na deni ambalo fundi atalikopa kwa jina la biashara linaweza kumfuata hadi Dodoma. Pengine hofu hiyo ni kubwa kwake kuliko hofu ya kupungukiwa gawio, ingawa huenda asiitamke. Hivyo pendekezo liseme fundi ataamua nini peke yake na nini hakiwezi kufanyika bila mwenzake: kwa mfano, manunuzi ya zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa mkupuo, mkopo wowote, na kumpa mteja samani kwa mali kauli kupita kiwango watakachokubaliana. Liseme pia kama akaunti ya benki itaendelea kuhitaji saini mbili, na kwamba picha za daftari la mauzo na risiti za mbao zitatumwa kila mwisho wa mwezi. Hasara nayo itajwe waziwazi, kwani makubaliano mengi husema jinsi ya kugawana faida na kuisahau hasara.

Kisha kuna tarehe ya kuanza. Ni vyema iwe tarehe 1 Januari, kwa sababu biashara nyingi hufunga mwaka wa hesabu na wa kodi tarehe 31 Desemba, na kwa ubia wa kawaida kodi ya mapato hukokotolewa kwa kila mbia kulingana na fungu lake. Kubadili mgawanyo katikati ya mwaka kunamaanisha kuukata mwaka mmoja vipande viwili. Lakini hata Januari haimalizi kila kitu. Tuseme hoteli moja iliagiza vitanda 20 vya mninga mwezi Novemba, ikalipa nusu ya bei, na vitanda vitakabidhiwa Februari. Fedha ile ya Novemba bado si faida. Nyingi yake imekwisha kugeuka mbao zilizopangwa uani zikikauka. Faida ya oda hiyo itagawanywa kwa utaratibu upi? Mimi ningependekeza oda zote zilizopokelewa kabla ya tarehe ya mabadiliko zimalizwe kwa mgawanyo wa zamani, hata zikikabidhiwa baadaye, kwa kuwa huenda mteja huyo aliletwa na yule aliyehama. Basi kabla ya kuandika, fundi ahesabu mbao zilizopo, aorodheshe kazi ambazo hazijakamilika na malipo ya awali yaliyopokelewa, na aandike wateja wanaodaiwa na kiasi cha kila mmoja.

Hapo ndipo barua inapoweza kuandikwa, na hata hivyo isitangulie simu. Katika desturi zetu, barua rasmi inayomkuta mtu bila taarifa husomwa kama mashtaka. Ampigie, amjulie hali yeye na familia, amweleze kwa maneno mawili matatu kwamba ana pendekezo na atalituma kwa maandishi ili alisome kwa nafasi. Itumwe kwenye anwani binafsi ya mwenzake wala si ile ya biashara ambayo karani huifungua, na mwanasheria asiwekwe kwenye nakala ya barua ya kwanza. Maneno yake yanaweza kuwa hivi:

“Kaka, Assalaam alaykum. Kama tulivyozungumza jana kwa simu, naleta pendekezo la kubadili majukumu yetu na namna ya kugawana faida kuanzia 1 Januari. Mtaji wako na haki yako ya nusu ya faida inayobaki havibadiliki. Ninachoomba ni tukubaliane ujira wa usimamizi, wenye ukomo, kama inavyoonekana kwenye hesabu nilizoambatanisha, pamoja na mipaka ya mamlaka yangu. Hili ni pendekezo la kujadiliwa. Halitaanza kutumika hadi sote wawili tutakaposaini nyongeza ya mkataba wetu. Naomba tuzungumze baada ya wewe kupitia hesabu, na ukiona kiwango cha ujira hakiko sawa, nieleze unachoona kinafaa.”

Sentensi kuhusu kusaini si ya mapambo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua makubaliano yanayofanyika kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo jibu fupi la “sawa” linaweza kuja kudaiwa kuwa ni mkataba na mmoja, na kukanushwa na mwingine aliyeliandika akiwa kwenye foleni ya daladala. Ikitokea mwenzake akajibu kwa ujumbe wa simu, “Sawa ndugu yangu, endelea tu,” fundi amshukuru, amtumie rasimu ya nyongeza ya mkataba yenye nafasi ya saini na mashahidi, na hadi irudi imesainiwa, aendelee kugawa faida nusu kwa nusu.