Jinsi ya kupokea majivu siku ya Jumatano ya Majivu

Kupokea majivu katika Kanisa Katoliki hakuhitaji cheti cha ubatizo wala kuungama kwanza. Majivu ni kisakramenti, yaani ishara takatifu iliyowekwa na Kanisa, si sakramenti, kwa hiyo hata mtoto mchanga, mkatekumeni na Mkristo wa dhehebu lingine huyapokea. Vivyo hivyo mtu anayeishi katika ndoa isiyofungwa kanisani. Huyu mara nyingi hubaki kwenye benchi akidhani amekatazwa, kumbe anachozuiliwa ni Komunyo. Aingie kwenye foleni kama wengine.

Misa ya siku hiyo haina tendo la toba mwanzoni, kwa kuwa majivu ndiyo yanayoshika nafasi hiyo. Baada ya mahubiri padre huyabariki. Hutokana na matawi yaliyobarikiwa Dominika ya Matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo yale yaliyokauka nyuma ya picha ukutani yapeleke parokiani siku kadhaa kabla, yapate kuchomwa na kuchekechwa.

Ukikaribia, rudisha nyuma mtandio au kilemba paji la uso libaki wazi, kisha fumba macho, maana majivu makavu hudondoka. Utasikia “Kumbuka kwamba u mavumbi, na mavumbini utarudi” (Mwanzo 3:19), au “Tubuni na kuiamini Injili” (Marko 1:15). La kwanza linakukumbusha kifo, la pili linakuonyesha pa kuelekea. Hakuna jibu lililopangwa. Rudi mahali pako kimya. Paji likianza kuwasha au kuchoma, osha mara moja kwa maji mengi: majivu yaliyokorogwa na maji yanaweza kuwa makali kama magadi.

Una mgonjwa nyumbani? Mwone katekista au kiongozi wa jumuiya kabla ya Jumatano, umweleze nyumba ilipo. Mlei aliyetumwa anaweza kumpaka majivu yaliyokwisha kubarikiwa, ila kuyabariki si kazi yake. Majivu ya jikoni hayafai.

Baada ya Misa, hakuna sheria ya kuacha alama mpaka jioni. Injili ya siku hiyo hiyo, Mathayo 6, inamwambia anayefunga anawe uso, basi ukifuta kabla ya kuingia kazini hujakosa. Kinachokubana ni kufunga. Kuanzia miaka 18 hadi 59, unakula mlo kamili mmoja; milo mingine miwili iwe midogo, ambayo hata ikijumlishwa haifikii ule mmoja. Mfano, chai na kipande cha mkate asubuhi, muhogo kidogo mchana, ugali na samaki jioni. Nyama hailiwi kuanzia umri wa miaka 14, na aliyefikisha 59 bado anaiacha hata kama hafungi tena. Samaki, mayai na maziwa vinaruhusiwa. Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha hawabanwi na kufunga. Wale kadiri afya inavyowataka.