Koki moja inayovuja: namna ya kuigeuza kazi ya kila mwezi

Vijana wengi hapa Mtwara wanajua kubadilisha raba ya koki, ila wanasubiri kuitwa. Mwongozo huu ni wa kupata nyumba zinazokulipa kila mwezi, na tunaanzia nyumba za wapangaji, tuseme Chikongola: vyumba sita, mita moja, bili ya kugawana. Pale ugomvi wa bili haukosekani, na mara nyingi chanzo ni koki ya uani.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kushika spana

Funga koki kwa kawaida, kinga chupa ya lita 1 na uangalie saa. Tuseme imejaa kwa dakika 10. Hizo ni lita 6 kwa saa, 144 kwa siku, na 4,320 kwa siku 30. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, kwa hiyo uniti 4 na zaidi zinamwagika bure kila mwezi. Omba bili, zidisha kwa bei ya uniti iliyoandikwa humo, umwonyeshe mwenye nyumba. Bei ya raba haitamsumbua tena.

Hatua ya 2: Tambua maji yanatoka wapi

Yakidondoka mdomoni wakati koki imefungwa, tatizo ni raba au kiti chake. Yakitoka shingoni, chini ya mpini, wakati koki imefunguliwa, kaza kwanza nati ya shingo robo mzunguko. Mara nyingi inatosha. Yakitoka ukutani, tepu ya nyuzi imechoka, au bomba lenyewe limeoza.

Hatua ya 3: Fungua bila kuvunja ukuta

Hapa ndipo wanaoanza huharibu. Hewa ya chumvi hugandisha nyuzi, na ukivuta kwa spana moja, koki haifunguki bali bomba la chuma linajipinda ndani ya ukuta. Kazi ya dakika 20 inageuka kubomoa plasta, kwa gharama yako.

Funga maji kwenye valvu iliyo baada ya mita, kisha fungua koki ili yaliyobaki yatoke. Paka mafuta ya kulainisha kutu, subiri robo saa. Shika mwili wa koki kwa spana ya bomba, kichwa chake kwa spana malaya, uzungushe kichwa tu. Mita yenyewe na bomba linaloingia kwenye mita ni mali ya mamlaka ya maji, usiguse.

Ukishatoa kichwa, pitisha kidole juu ya kiti, yaani ukingo wa shaba ambao raba huukalia. Kikiwa laini, weka raba mpya ya nusu inchi. Kikiwa na mfereji, mwambie mwenye nyumba wazi kwamba koki yote ibadilishwe. Ukilazimisha raba mpya juu ya kiti kilicholika, itakatika baada ya wiki chache na utaitwa mwizi.

Unaporudisha kichwa, iache koki nusu wazi ili raba isisagwe. Kama umebadilisha koki yote, viringisha tepu mizunguko 8 hadi 10 upande uleule koki inakokazwa. Ukiviringisha kinyume, itajikunja na kutoka yote.

Hatua ya 4: Rudi baada ya siku 7

Bila kuitwa, bila malipo, na chupa ileile. Fungeni koki zote nyumbani, kisha mtazame pamoja kigurudumu kidogo cha mita. Kikizunguka, kuna maji yanayopotea kwingine, mara nyingi kwenye tangi la choo, na hiyo ndiyo kazi yako ya pili.

Hatua ya 5: Pendekeza malipo ya mwezi

Sasa ndipo unazungumza: "Mzee, nitapita mara moja kwa mwezi kukagua koki zote, choo na mita. Utanilipa elfu nne, vifaa juu yako." Kiasi ni mfano, kipange kwa umbali na idadi ya koki. Nyumba 12 ni shilingi 48,000 kwa siku sita za ukaguzi, nyumba mbili kwa siku. Hazikulishi mwezi mzima, lakini katika ukaguzi utakuta bawaba iliyolegea, kitasa kilichokwama, gata iliyoziba, na kila moja ina bei yake. Wanaosubiri msimu wa korosho ndipo watafute kazi hugombania wateja walewale.

Weka daftari, ukurasa mmoja kwa nyumba. Andika tarehe, koki ipi, kifaa kipi, bei, na dakika chupa ilizotumia kujaa. Mwenye nyumba aweke saini chini, na wewe umpigie picha ukurasa huo kwenye simu yake. Koki ikivuja tena ndani ya mwezi kwa kosa lako, irekebishe bure na uandike hilo pia.